Pumzi, nguvu na shabaha: umri hauvipunguzi kwa kasi moja

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya kupita kilomita 30 za marathoni ya Olimpiki mjini Paris, Eliud Kipchoge aliacha kukimbia. Hakuwahi kushindwa kumaliza marathoni kabla ya siku hiyo. Alikuwa na miaka 39. Siku 11 nyuma, katika michezo hiyohiyo, Mturuki mwenye miaka 51, Yusuf Dikeç, alisimama mbele ya shabaha akiwa na mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida machoni, akapata medali ya fedha ya bastola ya upepo kwa timu ya watu wawili. Na kwenye tenisi ya meza, Ni Xialian wa Luxembourg, mama wa miaka 61, alishinda mchezo wake wa raundi ya kwanza.

Kipchoge alisema mgongo ulimuuma, na mgongo humuuma hata kijana wa miaka 20. Mbio moja haithibitishi lolote kuhusu uzee. Lakini ukiziweka picha hizo tatu pamoja, swali linakuja lenyewe: kwa nini umri unaomtoa mtu barabarani humwacha mwingine akiwa bado na medali mkononi? Jibu ambalo wengi hulitoa ni kwamba mbio fupi na vyuma ni vya vijana, marathoni ni ya watu wazima, na shabaha ni ya wazee. Kuna ukweli ndani yake, ila umechanganyika na makosa, na kosa kubwa kuliko yote liko kwenye namna tunavyopima.

Rula zenyewe hazilingani

Fikiria watu wanne waliokuwa wazuri sana wakiwa na miaka 30. Mmoja ni mpiga makasia, wa pili mkimbiaji, wa tatu mnyanyua vyuma, wa nne mrusha tufe. Miaka mingi imepita, na tuseme kila mmoja amepoteza asilimia 27 ya uwezo wa misuli yake kutoa kazi kwa sekunde. Mwili umeshuka kwa kiasi kilekile kwa wote wanne. Matokeo yao yatasema nini?

Mpiga makasia ataonekana ameshuka asilimia 10 tu. Maji hukataa kupasuliwa: ukitaka mtumbwi uende kasi mara mbili, unahitaji nguvu takribani mara nane. Hesabu hiyo ikirudi nyuma inamsaidia mzee, kwa sababu kupoteza nguvu nyingi kunamnyima kasi kidogo tu. Zidisha 0.9 kwa yenyewe mara tatu utapata 0.73, yaani mwenye asilimia 73 ya nguvu zake za zamani bado anakwenda kwa asilimia 90 ya kasi yake. Muogeleaji naye anapata nafuu ya aina hiyo, na pia mwendesha baiskeli kwenye barabara tambarare, kwa kuwa hewa inamfanyia yanayofanana na ya maji.

Mkimbiaji hana nafuu hiyo. Kwake kasi na nguvu hupanda na kushuka karibu sambamba, kwa hiyo saa yake itaonyesha sehemu kubwa ya ile asilimia 27. Mnyanyua vyuma ndiye asiye na pa kujificha kabisa, kwa sababu kilo zilizo kwenye chuma ndizo hizohizo zinazoandikwa kwenye karatasi. Ndiyo maana ukisoma ulinganisho wa rekodi za wakongwe katika michezo mbalimbali, utakuta kupiga makasia kunaonekana kushuka kidogo kuliko michezo yote na kunyanyua vyuma kunaonekana kushuka kuliko yote. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli, na nitaifikia, lakini sehemu nyingine ni rula tu.

Mrusha tufe ndiye anayechanganya zaidi, kwa sababu kanuni za riadha ya wakongwe zinambadilishia kifaa. Mwanaume wa miaka 35 hadi 49 hurusha tufe lilelile la Olimpiki, kilo 7.26. Akitimiza miaka 50 anapewa la kilo 6, akifika 60 la kilo 5, akifika 70 la kilo 4, na kuanzia 80 la kilo 3. Basi mtu anaweza kurusha mita chache mwaka wake wa 49, na siku ya kuzaliwa kwake ya 50 ikamkuta anarusha mbali kuliko mwaka uliotangulia, ingawa mwili wake haujapata nguvu hata chembe. Ukichora umbali huo kwenye karatasi bila kuandika uzito wa tufe, utadhani umri unapanda ngazi: unashuka, unaruka juu kidogo, unashuka tena. Nimeona watu wakisoma michoro ya namna hiyo kwa furaha kubwa. Kanuni hizo ni nzuri, zinalinda mabega na viuno vya wazee, ila zinaondoa uwezekano wa kulinganisha umbali wa mtu wa miaka 45 na wa mtu wa miaka 65 kwa kuangalia mita peke yake.

Pumzi: moyo ndio unaoweka dari

Kwenye mbio ndefu mambo matatu huamua mtu atakimbia kwa kasi gani: kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kukitumia kwa dakika, ni sehemu gani ya kiasi hicho anaweza kuishikilia kwa muda mrefu bila misuli kulemewa, na oksijeni kiasi gani anachoma kwa kila kilomita.

Jambo hilo la tatu ndilo linalowashangaza wengi. Mkimbiaji mkongwe aliyeendelea na mazoezi huchoma karibu kiasi kilekile cha oksijeni kwa kilomita kama alivyokuwa kijana. Mwili hausahau kukimbia kwa ubanifu. Lile la pili nalo linashikilia vizuri. Linaloshuka hasa ni la kwanza, ile dari ya oksijeni, na likishuka linavuta mengine chini.

Dari hiyo inashuka kwa sababu ya moyo kuliko kitu kingine chochote. Kanuni inayotumiwa sana kukadiria mapigo ya juu ya moyo ni 208 ukitoa 0.7 mara umri. Mtu wa miaka 25 anapata kama 190 kwa dakika, na wa miaka 70 anapata 159. Hayo ni makadirio ya wastani, na mtu mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi bila kuwa na ugonjwa wowote. Ila mwelekeo ni ule kwa wote, na mazoezi hayauzuii. Moyo wa mzee aliyefanya mazoezi maisha yake yote ni mkubwa na unasukuma damu nyingi kwa kila pigo, lakini hauwezi kupiga haraka kama zamani.

Mmarekani Michael Pollock na wenzake walilionyesha hilo vizuri kwa kuwafuata wanariadha wakongwe walewale kwa miaka, badala ya kulinganisha wazee na vijana wasiohusiana. Baada ya miaka 10, walioendelea kushindana kwa makali yaleyale walikuwa karibu hawajapoteza kitu kwenye dari yao ya oksijeni, na waliolegeza walikuwa wameshuka waziwazi. Mapigo ya juu ya moyo yalishuka kwa makundi yote mawili sawasawa. Miaka mingine 10 ilipopita, hata wale wakali walikuwa wameshuka. Hapo utaona mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Sehemu ya kushuka ni umri wenyewe, na sehemu ni mazoezi yaliyopungua, kwa sababu goti linauma, kazi imeongezeka, au mwili unahitaji siku tatu kupumzika pale ulipohitaji moja.

Bernard Lagat, mzaliwa wa Kapsabet aliyeiwakilisha Kenya kisha Marekani, anatupa mfano wa mtu mmoja katika umbali mmoja. Mwaka 2011, akiwa na miaka 36, alikimbia mita 5000 kwa 12:53.60, muda wake bora wa maisha. Miaka 5 baadaye, kwenye fainali ya Olimpiki ya Rio akiwa na 41, alimaliza wa tano kwa 13:06.78. Tofauti ni sekunde 13, chini ya asilimia 2. Na hata hizo sekunde 13 hazipaswi zote kuandikiwa umri. Muda wa 2011 ulitoka kwenye mbio zilizoandaliwa kwa kasi, na wa Rio ulitoka kwenye fainali ya ubingwa ambako mshindi mwenyewe alitumia 13:03.30. Kenenisa Bekele naye alimaliza wa pili London mwaka 2024 kwa 2:04:15, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 42, huku muda wake bora ukiwa 2:01:41 wa Berlin 2019. Kwa wakimbiaji wa daraja hilo, kati ya 35 na 42 kushuka ni kwa sekunde na dakika chache. Wengi huacha kabla hatujaona mwili wao ungefika wapi, kwa kuwa mbio ni kazi yao, na riadha ya wakongwe hailipi ada ya shule. Hiyo ndiyo sababu majina ya Iten na Arusha hayajazi orodha za rekodi za miaka 60 na 70 kama yanavyojaza zile za vijana.

Kuona kinachotokea mbali zaidi tunamhitaji mtu ambaye hakuacha. Ed Whitlock alizaliwa Uingereza mwaka 1931 akaishi Kanada, na mazoezi yake alikuwa akiyafanya kwenye makaburi yaliyo karibu na nyumba yake, akizunguka polepole kwa saa nyingi. Mwaka 2003, akiwa na 72, alikuwa mtu wa kwanza mwenye umri uliozidi 70 kukimbia marathoni chini ya saa 3. Mwaka uliofuata, akiwa na 73, alikimbia 2:54:48. Akiwa na 80 alikimbia 3:15:54. Akiwa na 85 alikimbia 3:56:38.

Igawe miaka hiyo. Kutoka 73 hadi 80 alipoteza dakika 21 kwa miaka 7, yaani dakika 3 kila mwaka. Kutoka 80 hadi 85 alipoteza karibu dakika 41 kwa miaka 5, yaani dakika 8 kila mwaka. Mwili uleule, kwenye barabara, ulibadilisha mwendo wa kushuka kwake kwa zaidi ya mara mbili. Whitlock alifariki miezi 5 baada ya ile mbio ya mwisho, kwa saratani, kwa hiyo dakika 8 hizo si za umri mtupu. Hata hivyo umbo la mstari wake linafanana na lile linaloonekana kwa waogeleaji na wakimbiaji wengi: mteremko wa taratibu unaoanza katikati ya miaka ya 30, unaendelea karibu moja kwa moja hadi mwanzoni mwa 70, kisha unapinda kuelekea chini. Anayechukua asilimia ya kushuka ya mtu wa 50 na kuitumia kutabiri atakavyokuwa akiwa na 80 atakosea kila mara, na atakosea upande wa kujipa matumaini.

Nguvu: kushika na kurusha si kitu kimoja

Misuli ina nyuzi za polepole, zinazovumilia, na nyuzi za haraka, zinazotoa nguvu nyingi kwa muda mfupi sana. Umri huzikondesha zaidi zile za haraka. Lakini chanzo chake kiko mbali kidogo na msuli wenyewe, kwenye uti wa mgongo. Kila kundi la nyuzi huamrishwa na neva moja inayotoka huko, na hasa baada ya miaka 60 neva hizo huanza kufa. Nyuzi zilizobaki yatima huchukuliwa na neva jirani, na mara nyingi jirani huyo ni wa polepole. Nyuzi zinabaki hai, msuli unaweza hata kuonekana mnene, lakini amri inayoufikia si ya haraka tena.

Kwa hiyo mtu hupoteza kasi ya kutoa nguvu kabla hajapoteza nguvu yenyewe. Ushahidi mzuri uko kwenye ulingo wa vyuma. Kunyanyua vyuma kwa mtindo wa Olimpiki kunadai chuma kirushwe kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa. Kisipopata kasi ya kutosha kinapofika kiunoni, hakitafika juu hata kama mnyanyuaji ana nguvu za kutosha kukishika. Kuna mashindano mengine ya vyuma ambayo mtu huchuchumaa na chuma mabegani, hukisukuma akiwa amelala chali, au hukiinua kutoka chini hadi mapajani, na hakuna anayemuuliza ametumia sekunde ngapi. Maria Anton, Waneen Spirduso na Hirofumi Tanaka walilinganisha matokeo bora ya umri mbalimbali katika mashindano ya aina hizo mbili, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004. Mtindo wa Olimpiki ulishuka haraka zaidi na kwa kiasi kikubwa zaidi. Vyuma ni vilevile na misuli ni ileile. Kilichotofautiana ni muda uliopo wa kutoa nguvu hiyo.

Mbio fupi nazo zina mshangao wake. Ukisikia habari za nyuzi za haraka, utatarajia mita 100 ziwe zimeanguka vibaya kuliko marathoni. Tazama basi watu wawili wa miaka 80. Payton Jordan, aliyekuwa kocha wa timu ya riadha ya Marekani kwenye Olimpiki ya 1968, alikimbia mita 100 kwa sekunde 14.35 mwaka 1997. Rekodi ya dunia mwaka huo ilikuwa 9.84, kwa hiyo mzee huyo alikwenda kwa asilimia 69 ya kasi ya bingwa. Whitlock alipokimbia 3:15:54 mwaka 2011, Mkenya Patrick Makau alikuwa ametoka kuweka rekodi ya dunia ya 2:03:38. Whitlock alikwenda kwa asilimia 63 ya kasi yake. Nimechagua rekodi za mwaka uleule kwa makusudi. Ukiwalinganisha wazee wa zamani na rekodi za leo, unawalinganisha pia na viatu vya leo.

Watu wawili hawatoshi kujenga kanuni, lakini kwenye kuogelea pia umbali mfupi umeonekana kushikilia vizuri kuliko umbali mrefu. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba mita 100 zinadai maandalizi ambayo mzee bado anaweza kuyafanya. Marathoni inataka kilomita nyingi kila wiki kwa miezi, na mwili wa miaka 80 unaoweza kubeba hizo kilomita bila kuvunjika ni wa nadra kuliko unaoweza kukimbia kasi mara mbili kwa wiki. Nyingine ni kwamba mkimbiaji wa mbio fupi habebi uzito ila wake mwenyewe, na hubebwa pia na kano zake zinazorudisha sehemu ya nguvu kama mpira uliovutwa. Mnyanyua vyuma hana mkopo huo.

Na mwili wa mkimbiaji wa mbio fupi unashindwa wapi hasa? Marko Korhonen na wenzake wa Finland waliwapima wakongwe wa miaka 35 hadi 88 waliofika fainali za mita 100 za ubingwa wa Ulaya. Idadi ya hatua kwa sekunde ilibadilika kidogo sana, isipokuwa kwa wale wazee kabisa. Kilichopungua kilikuwa urefu wa hatua, na mguu ulikaa chini muda mrefu zaidi kila ulipogusa ardhi. Mkimbiaji kijana huikanyaga ardhi kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde na kuondoka. Mzee anahitaji muda zaidi ili kukusanya msukumo uleule, na hata hivyo haupati wote. Miguu bado inazunguka haraka, ila kila hatua imekuwa fupi.

Hapa ndipo wale watu wa ajabu wanapoeleweka. Kim Collins wa Saint Kitts na Nevis alishinda ubingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2003 kwa sekunde 10.07, akiwa na miaka 27. Mwaka 2016, akiwa na 40, alikimbia 9.93, muda wake bora wa maisha. Wengine wanamtumia kama ushahidi kwamba umri ni fikra tu. Mimi naona anaonyesha jambo dogo zaidi lakini la kuaminika: mtu hafiki lazima mwisho wa uwezo wake akiwa na 27, kwa hiyo kati ya 27 na 40 kulikuwa na nafasi ya kuboresha ambayo ilizidi kile ambacho umri ulikuwa umechukua. Nafasi hiyo ikiisha, umri unaanza kuonekana.

Shabaha: jicho hutangulia kuchoka, mkono hufuata

Msweden Oscar Swahn alizaliwa mwaka 1847, akashinda dhahabu ya kulenga shabaha na timu yake mwaka 1912 akiwa na miaka 64, na fedha mwaka 1920 akiwa na 72. Hakuna mwanamichezo mwingine aliyepata medali ya Olimpiki akiwa na umri huo. Mfano wa karibu nasi ni Mkuwait Abdullah Al-Rashidi, aliyepata shaba ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, mara mbili mfululizo, 2016 na 2021. Mara ya pili alikuwa na miaka 57.

Kulenga hakuhitaji moyo unaopiga mara 190, wala nyuzi za haraka za paja. Kunahitaji mkono uliotulia, pumzi iliyopangwa, na kidole kinachovuta kifyatulio bila kuutikisa mkono. Hayo hujengwa kwa maelfu ya marudio na hukaa mwilini kwa miaka mingi. Kinachokuja kuvunja mpango ni lenzi ya jicho. Mlengaji wa bastola anahitaji kuona vitu vitatu vilivyo umbali tofauti: mwanya wa nyuma wa bastola, ncha ya mbele iliyo mwisho wa mkono, na shabaha iliyo mita 10 mbele. Jicho haliwezi kuvionyesha vyote kwa ukali mmoja, kwa hiyo hufundishwa kuishika ile ncha ya mbele na kuiacha shabaha iwe na ukungu kidogo. Kijana hufanya hivyo bila kufikiri. Katikati ya miaka ya 40 lenzi inakuwa ngumu, inakataa kujirekebisha kwa ajili ya vitu vya karibu, na ile ncha inaanza kuwa na ukungu huku shabaha ikiwa safi. Ni tatizo lilelile linalomfanya mtu asogeze gazeti mbali, ila hapa linahamisha risasi.

Uzuri wake ni kwamba linarekebishika. Lenzi ndogo yenye nguvu ya sehemu ya dayopta, kile kipimo cha nguvu za miwani, iliyopimwa kwa umbali wa ncha ya bastola badala ya umbali wa kitabu, hurudisha ukali mahali pake. Tundu dogo mbele ya jicho nalo husaidia, kwa kuwa mwanga ukipita kwenye tundu jembamba vitu vya karibu na vya mbali husogeleana kwa ukali, ingawa picha huwa na giza zaidi. Miwani ya kusomea ya dukani haifai, kwa sababu inaleta karibu mno na shabaha inapotea kabisa. Moyo hauna miwani. Neva za uti wa mgongo hazina miwani. Hiyo peke yake inaeleza sehemu kubwa ya sababu za wazee kuonekana kwenye kulenga kuliko kwenye uwanja wa mbio.

Lakini neno ustadi linafunika michezo isiyofanana. Bastola ya upepo humpa mtu muda wa kutulia. Visahani vya udongo vinaruka, na jicho lazima livifuate. Tenisi ya meza inampa mchezaji sehemu ndogo ya sekunde kuamua. Ni Xialian hashindi kwa miguu myepesi. Hushika raketi kama kalamu, hutumia raba ya raketi yenye vinundu virefu inayogeuza mzunguko wa mpira unaoingia, husimama karibu na meza, na humfanya mpinzani ndiye akimbie. Amejenga mchezo ambao unamwomba mwili wake kitu kidogo na kumwomba mpinzani kingi. Kadiri mchezo wa ustadi unavyodai mwendo wa ghafla, ndivyo mstari wake unavyofanana na ule wa vyuma. Mchezaji wa sarakasi za mazoezi ya viungo ana ustadi kuliko mlengaji, na bado mchezo wake ni wa vijana, kwa sababu sehemu kubwa ya ustadi wake inaanza na mruko.

Kujisoma mwenyewe

Mwanariadha wa miaka 50 au 60 anayetaka kujua ni nini hasa kinachomshuka hahitaji maabara. Mkimbiaji wa mita 100 na ahesabu hatua zake kwenye uwanja uleule, mara mbili kwa mwaka, na aandike muda. Kama muda umeongezeka na hatua zimekuwa nyingi, urefu wa hatua umepungua, na dawa yake ni nguvu ya miguu na mikimbio mifupi ya kasi, si kilomita zaidi. Kama hatua ni zilezile na muda umeongezeka, miguu inazunguka polepole, na hilo kwa kawaida huja baadaye sana kwenye umri. Likija mapema, atazame kwanza kano, nyonga au jeraha la zamani.

Mkimbiaji wa mbio ndefu na alinganishe mbio zake za kilomita 5 na za marathoni za mwaka mmoja. Zikishuka zote kwa kiasi kinachofanana, inaelekea ni dari ya oksijeni. Kama kilomita 5 bado ni nzuri na marathoni imeporomoka, mara nyingi ni kilomita za mazoezi zilizopungua, au muda wa kupumzika usiotosha kati ya mazoezi magumu. Kushuka kwa ghafla, kwa mfano dakika nyingi ndani ya miezi michache bila jeraha, hakufanani na umri hata kidogo. Umri huenda taratibu. Hiyo ni ya daktari, kupima damu na moyo.

Mrusha tufe na aandike kilo kando ya mita kila anapoandika matokeo. Na mlengaji anayeona risasi zake zimeanza kutawanyika aende kwa mpimaji macho akiwa na kipimo cha umbali kutoka jichoni mpaka kwenye ncha ya bastola, mkono ukiwa umenyooshwa, kabla hajaanza kulaumu mkono.